Kinga ya presi inapokata ovyo: barua ya afisa usalama kwa uongozi wa kiwanda

Kwa: Meneja Mkuu
Nakala: Meneja Uzalishaji, Mkuu wa Karakana
Kutoka: Afisa Usalama

YAH: MATENGENEZO YA KINGA YA MBELE, PRESI NAMBA 4

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Presi namba 4 imefungwa kwa kufuli langu tangu zamu ya usiku wa jana, na naomba ibaki hivyo hadi kazi ninazozitaja humu zikamilike. Daftari la matukio ya nusura lina maelezo ya waendeshaji wa zamu zote kuhusu kinga ya mbele ya mashine hii. Mmoja ameandika kwamba presi inazima yenyewe, mwingine kwamba inakataa kuwaka, mwingine kwamba kichwa kilishuka kinga ikiwa wazi. Karakana imeyajibu kama malalamiko yasiyohusiana, ikibadilisha swichi leo na waya kesho. Nimeyapanga upya kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Ukiyasoma hivyo utaona kwamba mengi yanaanzia mahali pamoja, kwenye bawaba ya juu ya mlango wa kinga.

Kwanza, jinsi mashine inavyofanya kazi, maana bila hilo dalili hazieleweki. Mota ikiwashwa, flaiwili huzunguka muda wote. Mwendeshaji akikanyaga pedali, hewa ya kompresa huingia kwenye klachi, klachi hushika flaiwili, na kichwa cha presi hushuka juu ya kalibu. Hewa ikitoka, klachi huachia na springi hufunga breki. Mlango wa kinga una ulimi wa chuma ambao huingia kwenye tundu la swichi mlango unapofungwa. Mlango ukifunguliwa ulimi huchomoka, relei ya usalama hukata umeme wa valvu ya hewa, na kichwa kinapaswa kusimama popote kilipo. Klachi yetu ni ya msuguano, kwa hiyo kusimama katikati ya safari kunawezekana. Presi za zamani zenye klachi ya pini hazina uwezo huo, kwa hiyo asitokee mtu akachukua maelezo haya na kuyatumia kule.

Dalili ya kwanza: presi inazima yenyewe ilhali kinga imefungwa

Haya ndiyo malalamiko yaliyojaa daftarini, na ndiyo yanayodharauliwa zaidi kwa sababu mashine ikisimama hakuna anayeumia.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni mlango kulegea upande wa komeo. Kipimo chake hakihitaji fundi. Funga mlango, chukua rula, pima nafasi kati ya ukingo wa chini wa mlango na fremu upande wa bawaba, kisha upande wa komeo. Namba hizo mbili zikilingana, mlango umenyooka. Kwenye presi yetu upande wa komeo umeshuka milimita 4. Halafu shika mlango kwa chini upande huohuo na uunyanyue kwa mkono. Wetu unanyanyuka na kugonga, maana yake pini ya bawaba ya juu imelika.

Milimita 4 ni nyingi kwa swichi ya aina hii. Ulimi ukishuka hauingii tena katikati ya tundu, unajisugua kwenye mdomo wake. Ukichungulia kwa tochi utaona ulimi umeng'aa upande wa chini pekee, na kwenye mdomo wa swichi kuna unga wa chuma wa kijivu. Unga huo huingia ndani ya swichi. Kila kichwa kinapogonga bati, mtikisiko unausogeza ulimi kidogo, swichi inahisi kama mlango umefunguliwa, na presi inasimama.

Kwa nini bawaba ililika? Mlango huu ulitengenezwa ukiwa na kioo cha polikaboneti cha milimita 6. Kilipopasuka kikawekwa cha milimita 10, kwa nia njema kabisa. Polikaboneti ya milimita 6 ina uzito wa kama kilo 7.2 kwa mita ya mraba, na ya milimita 10 kama kilo 12. Mlango wetu una mita 1 kwa sentimita 80, kwa hiyo uliongezewa karibu kilo 4, zikining'inia kwenye bawaba zilezile mbili na kufunguliwa kila kipande cha bati kinapoingia na kutoka.

Sababu inayofuata ni skurubu za swichi kulegezwa na mtikisiko. Piga mstari wa rangi kutoka kichwa cha skurubu hadi kwenye kibao chake. Mstari ukikatika, skurubu imezunguka. Baada ya hapo ni waya unaokatika ndani ya ganda lake pale unapojikunja kwenye bawaba. Huo hauonekani kwa macho. Fundi umeme anaukunja polepole huku akitazama taa ya relei, mota ikiwa imefungiwa umeme wake, flaiwili imesimama na kichwa kikiwa chini kabisa.

Swichi yenyewe kuharibika iko mwisho wa orodha, lakini karakana ndiko ilikoanzia kila mara. Swichi mpya inatulia kwa muda kwa sababu tundu lake halijalika, kisha mlango uleule unaila tena. Kama umebadilisha swichi na dalili imerudi, usiagize nyingine. Nenda kwenye bawaba.

Mtu yeyote asipige tupa ulimi wala kupanua tundu la swichi ili "vikubaliane". Swichi iliyopanuliwa hivyo inaweza kuendelea kuhesabu mlango umefungwa wakati umekwisha kufunguka kiasi cha kupitisha vidole.

Dalili ya pili: kichwa kinashuka kinga ikiwa wazi

Hapa hakuna kuangalia kidogo kwanza. Mashine inazimwa, inafungiwa, ndipo maswali yanaanza.

Usiku wa jana mwendeshaji alikuwa akitoa kipande kilichokwama kwenye kalibu. Mlango ulikuwa wazi. Alipoinama mguu wake uligusa pedali, na kichwa kikashuka. Alikuwa anatumia koleo refu kama anavyofundishwa, mkono ukiwa nje. Koleo liko mezani kwangu. Midomo yake imelala bapa kama karatasi, na alama za meno ya kalibu zimechapwa juu ya chuma. Ukitaka kuliona kabla ya kusaini chochote, njoo.

Sababu inayoongoza kwa dalili hii, hapa kwetu, ni swichi kudanganywa. Nilikuta ulimi wa akiba umechomekwa kwenye tundu na kufungwa kwa waya, kwa hiyo relei ilikuwa inaona mlango umefungwa saa zote. Ulimi huo ulitoka kwenye boksi la mojawapo ya swichi zilizobadilishwa. Kila swichi mpya huja na ulimi wake, fundi hubadilisha swichi tu, na ulimi mpya hubaki kwenye droo ya zana.

Najua kuna barua ya onyo inayoandaliwa kwa ajili ya zamu ile. Naomba isitoke kwanza. Swichi ilidanganywa kwa sababu presi ilikuwa inazima katikati ya kazi huku hesabu ya vipande ikiendelea kudaiwa. Kiwango cha kimataifa cha swichi za kinga, ISO 14119, kinataka mbunifu aondoe kinachomshawishi mtu kuidanganya swichi, kwa kuwa kishawishi kikibaki na njia ya kuidanganya itatafutwa. Ukimpa onyo mwendeshaji na kuuacha mlango umelegea, kesho ulimi utachomekwa na mtu mwingine, safari hii kwa siri.

Sababu ya pili inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu inafanana na uchawi na waendeshaji wanaizungumzia hivyo. Wameandika kwamba presi ikikataa kuwaka baada ya kufunga kinga ya mbele, "fungua ya nyuma ufunge, itaamka". Ni kweli, inaamka. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Kila swichi ina njia mbili za umeme ndani yake, ili moja ikiganda nyingine ikate. Relei huzilinganisha. Kinga ya mbele ikifunguliwa na njia moja tu ikakata, relei inasimamisha mashine na kukataa kuwashwa tena, kwa sababu imegundua kwamba njia ya pili imeganda. Kukataa huko ni taarifa ya hitilafu. Lakini kwetu swichi ya mbele na ya nyuma zimeungwa kwa mfululizo kwenye relei moja. Ukifungua kinga ya nyuma, njia zote mbili zinakata vizuri, relei inaridhika na kusahau ilichokiona mbele. Hitilafu bado ipo ila imefunikwa. Presi inaendelea kufanya kazi ikitegemea njia moja, na siku nayo ikiganda, mlango utakuwa wazi na kichwa kitashuka bila mtu yeyote kuchomeka ulimi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwendeshaji ni hili: je, umewahi kuamsha presi kwa kufungua kinga nyingine? Akisema ndiyo, mashine isirudi kazini hadi fundi umeme apime kila njia ya swichi ya mbele peke yake. Waya mbili kugusana ndani ya ganda lililochubuka kunaweza kuleta dalili hiihii, na kipimo hicho kitaonyesha. Ndani ya relei ya usalama asiingie mtu. Haifunguliwi wala haichomelewi, inabadilishwa nzima.

Jaribio la kila mwanzo wa zamu ni rahisi na linatosha kuonyesha dalili hii mapema. Mota iwe inazunguka, kalibu iwe tupu, mtu mmoja tu awe karibu. Fungua mlango kwa upana wa kidole, rudi nyuma, mikono mgongoni, kanyaga pedali. Kichwa kikisogea hata kidogo, zima na ufungie. Kisha funga mlango bila kukanyaga kitu: kichwa kikianza chenyewe, hiyo nayo ni sababu ya kufungia. Rudia kwa kinga ya nyuma, lakini mbele kwanza: presi ikikataa kuwaka baada ya kufunga ya mbele, usiiguse ya nyuma, ili isifute kilichogunduliwa.

Dalili ya tatu: mlango unafunguliwa, kichwa kinaendelea kushuka kidogo kabla ya kusimama

Malalamiko haya ni machache daftarini, na wanaoyaandika ni waendeshaji wenye uzoefu wanaoijua sauti ya mashine. Hapa swichi inaweza kuwa nzima kabisa. Tatizo ni muda wa kusimama.

Anza na hewa. Kwenye tundu la kutolea hewa la valvu kuna sailensa. Ikiziba kwa mafuta na vumbi, hewa inatoka kwenye klachi kwa kusuasua, na klachi inachelewa kuachia. Fundi mitambo anaifungua baada ya hewa yote kutolewa kwenye mfumo, anaitazama kwenye mwanga, na ikiwa nyeusi anaweka mpya. Ya kwetu ilikuwa nyeusi. Kisha valvu yenyewe inayonata, na baada ya hapo bitana za breki zilizolika au zilizoingiwa na mafuta. Kukaza springi za breki kwa kukisia hakuruhusiwi. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa kwa presi za aina hii, akiwa na kitabu cha mtengenezaji.

Kujua kama muda huo ni mrefu mno kuna hesabu, kutoka ISO 13855 toleo la mwaka 2010. Umbali wa kinga hadi mahali pa hatari usipungue hapa:

```
S = (K × T) + C
```

K ni kasi ya mkono, milimita 1600 kwa sekunde kwa kinga inayofunguliwa. T ni muda wote tangu swichi ikate hadi kichwa kisimame. C ni nyongeza ikiwa vidole vinaweza kupita kwenye uwazi kabla swichi haijakata. Tuifanye iwe sifuri, kwa upole kwa mashine. Kutoka mlangoni hadi kalibu ni milimita 250. Gawa kwa 1600 na unapata sekunde 0.156. Kichwa kikichukua muda zaidi ya huo kusimama, mkono unawahi kufika kabla hakijatulia. Kikichukua kwa mfano sekunde 0.22, umbali unaotakiwa ni milimita 352, na sisi tunapungukiwa na sentimita 10.

Muda huo haupimwi kwa saa ya mkononi. Kuna kifaa maalumu kinachofungwa kwenye kichwa cha presi, na anayekitumia ni mtaalamu wa nje. Naomba aitwe baada ya sailensa mpya kufungwa. Akikuta muda bado ni mrefu, breki itengenezwe, au swichi iwe ya aina inayofunga mlango hadi kichwa kisimame.

Dalili ya nne: mwanya pembeni mwa mlango

Mlango ukilegea huacha mwanya mrefu mwembamba upande wa juu wa bawaba. Upime kwa geji au vipande vya bati vya unene unaojulikana. Kwa mujibu wa ISO 13857, mwanya mrefu unaozidi milimita 10 hadi 12 unataka hatari iwe mbali kwa milimita 100 au zaidi, na unaozidi 12 hadi 20, milimita 120. Ukizidi 20 mkono mzima unaweza kupita, na umbali unaruka hadi milimita 850. Wetu uko kwenye 11 kwa sasa, kwa hiyo ule umbali wa milimita 250 bado unatosha. Bawaba ikizidi kulika hadi mwanya upite 20, hautatosha.

Ninachoomba, na kwa mpangilio gani

Mota ikatwe umeme kwenye swichi kuu na kufungiwa. Kila fundi aweke kufuli lake mwenyewe juu ya langu na abaki na ufunguo wake. Wasubiri flaiwili isimame kwa macho yao, kwa sababu huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatika, na nguvu iliyomo inatosha kushusha kichwa mara moja zaidi. Hewa itolewe hadi geji isome sifuri. Vizuizi vya chuma viwekwe chini ya kichwa. Baada ya hayo ndipo mlango uguswe.

Kazi ya kwanza ni bawaba. Ziwe tatu badala ya mbili, za kubeba uzito wa kioo cha milimita 10, na fremu inyooshwe pale ilipopinda. Ikibidi kuchomelea, mlango utolewe na kuchomelewa mezani karakana. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye fremu ya presi unaweza kuharibu beringi na vifaa vya umeme, nasi tutaanza kutafuta dalili ya tano.

Mlango ukinyooka, swichi ya ulimi iondolewe na iwekwe isiyogusana, yenye msimbo wake peke yake, ambayo kipande cha mashine nyingine hakiwezi kuiamsha. Ifungwe kwa skurubu zisizofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Kinga ya mbele na ya nyuma zipate kila moja njia yake kwenye relei. Ndimi zote za akiba zilizo kwenye droo za karakana ziletwe kwangu.

Najua swali la Meneja Uzalishaji litakuwa kama presi inaweza kufanya kazi huku vifaa vikisubiriwa, ikiwa na msimamizi pembeni. Jibu langu ni hapana. Msimamizi hana njia ya kukizuia kichwa kinachoshuka. Kazi za kalibu ndogo zinaweza kuhamia presi namba 2, ambayo milango yake nimeipima leo na imenyooka. Kalibu kubwa zitasubiri.

Kufuli litatoka nikishapokea vitu vitatu: cheti cha muda wa kusimama kutoka kwa mtaalamu wa nje, saini ya fundi umeme kwamba kila njia ya kila swichi imepimwa peke yake, na jaribio la pedali lililofanywa mbele yangu na mwendeshaji wa kila zamu.

Nawasilisha.

Afisa Usalama